Imeili ya kwanza kwa mteja iwe na urefu gani, na nikate nini?

Swali

Dada habari za kazi. Mimi na mwenzangu tuna kampuni ndogo ya servisi ya viyoyozi hapa Dar, wateja wetu wote mpaka sasa wamekuja kwa kuambiana. Sasa tumeamua kuandikia maofisi wenyewe kwa imeili. Nimeandika moja nzuri tu, nimeweka kila kitu wanachotakiwa kujua, na nimeambatanisha profaili ya kampuni. Nimeituma kwa maofisi mengi na wanaojibu hawapo, mmoja tu kanijibu "asante tumepokea" basi. Mwenzangu anasema ni ndefu sana. Mimi naona nikipunguza watatuona wababaishaji, watu wasiotujua watatuaminije bila maelezo? Nakutumia uisome. Naomba uniambie iwe na urefu gani hasa, na kama ni kukata nikate nini niache nini, maana kila sentensi naona ina kazi yake.

Fundi viyoyozi, Dar es Salaam

Jibu

Nzuri kaka, shikamoo kwa mwenzako maana kwa hili yuko sahihi. Imeili yako nimeisoma yote, ina maneno 400 na kidogo, kwenye simu yangu nimeshusha skrini mara nne ndo nikafika mahali unapoomba kitu. Na huyu unayemwandikia, meneja utawala wa ofisi ya watu 30 au 40, anaisoma kwenye simu akiwa anasubiri dereva au kikao kianze, hajakujua, hajakuomba, na chini ya imeili yako kuna nyingine kibao za watu anaowajua na wanaomdai majibu.

Nianze na namba maana ndo umeuliza. Imeili ya kwanza kabisa kwa mtu asiyekujua, kwa Kiswahili, iishie kwenye maneno 80 hadi 100, yaani sentensi sita saba hivi, salamu ikiwemo. Miongozo mingi ya mauzo utakayokutana nayo imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, usichukue hesabu zao za maneno ukazileta kwetu kama zilivyo, maneno yetu ni marefu na yanabeba mengi, ukiandika 150 ya Kiswahili mtu anaona ukuta. Ila kipimo ninachokiamini kuliko kuhesabu maneno ni hiki: jitumie hiyo imeili mwenyewe, ifungue kwenye simu ya kawaida, afu angalia kama salamu, sababu ya kuandika na swali lako vyote vinaonekana bila kushusha skrini. Vikionekana umefika. Swali likiwa limejificha chini, bado unakata.

Sasa hiyo hofu yako ya kuonekana mbabaishaji naielewa na siyo ya kipuuzi, kuna watu wanaandika "Tunafanya servisi ya viyoyozi kwa bei nafuu, karibuni" na namba ya simu basi, hiyo fupi lakini haina tofauti na kibandiko cha kwenye nguzo ya umeme. Ufupi peke yake haumuaminishi mtu. Kinachomfanya akuamini ni kuona kwamba ulikuwa unamwandikia yeye, siyo mji mzima, na kwamba kuna mtu wa kweli nyuma ya hiyo imeili. Hayo mawili yanahitaji sentensi mbili tatu tu. Kwa hiyo unapokata, kata yanayokuhusu wewe kwanza, yanayomhusu yeye yaache mpaka mwisho. Watu wengi wanafanya kinyume, wakiambiwa ni ndefu wanaondoa ile sentensi moja iliyomgusa mteja wanabaki na usajili na TIN.

Na jambo lingine kabla hatujashika mkasi: imeili ya kwanza haiuzi servisi. Hakuna meneja atakayekupa viyoyozi vya jengo zima kwa sababu ya imeili, hata ungeandika kurasa tano. Kazi yake ni kupata jibu moja dogo ili mazungumzo yaanze. Ukishalikubali hilo utaona kila sentensi unaipima kwa swali moja tu, je hii inamsaidia huyu mtu aamue kunijibu leo? Wewe umesema kila sentensi ina kazi yake, ni kweli, ila nyingi kazi yake ni ya imeili ya pili au ya siku ya kukutana. Hazitupwi, zinasubiri. Fungua faili pembeni, kila unachokata kibandike humo, utakihitaji.

Haya tukate, naenda na imeili yako kutoka juu.

Umeanza "Kwa heshima na taadhima, natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya njema na unaendelea vyema na majukumu ya ujenzi wa taifa." Salamu siwezi kukwambia uitoe, sisi siyo watu wa kuingia bila kusalimia na ukiruka utaonekana huna adabu. Lakini "Habari za kazi dada" na jina lake inatosha kabisa. Hapa kuna sababu ya kiufundi pia, kwenye simu kabla mtu hajafungua imeili anaona jina la mtumaji, kichwa, na maneno machache ya mwanzo wa ujumbe. Yako ya mwanzo ni hiyo taadhima, ambayo iko kwenye kila barua ya maombi ya udhamini aliyowahi kupokea, hivyo anajua anachoombwa kabla hajakifungua.

Aya ya pili: mmesajiliwa Brela mwaka 2019, mna TIN, mna leseni, mna mafundi waliobobea. Toa yote. Najua hii ndo itakuuma, ila fikiria ni lini meneja anahitaji hizo nyaraka: ni pale anapotaka kuwaingiza kwenye orodha ya wazabuni au mhasibu wake anataka kulipa invoisi yako. Hapo atakuomba mwenyewe na utampa kila kitu. Sasa hivi bado hajaamua hata kama ana tatizo.

Aya ya tatu umeorodhesha huduma: viyoyozi, majokofu, jenereta, nyaya za umeme, kamera za ulinzi, usafishaji wa matenki. Hapa ndo umejiumiza zaidi kaka, kuliko hata urefu. Mtu anayefanya vyote hivyo anasomeka kama mtu anayechukua kazi yoyote ikipita. Chagua moja, viyoyozi, hizo tano zikae kwenye faili la pembeni, siku umeshaingia ofisini kwao na jenereta lao linakohoa utasema hata hilo tunaliangalia, na siku hiyo litasikika vizuri.

Dira na dhamira, toa bila kufikiri mara mbili. Aya ya "kwa nini utuchague" yenye ubora, uaminifu, uzoefu na bei nafuu nayo toa, kwa sababu hakuna fundi anayeandika kwamba yeye siyo mwaminifu. Maneno ambayo mshindani wako anaweza kuyakopi na kuyapesti kwenye ya kwake bila kubadilisha herufi hayakusaidii kitu. Badala ya aya nzima weka ushahidi mmoja unaoweza kuhakikishwa. Kwenye imeili yako umeugusa kwa mbali tu, kwamba kuna ghala la matairi mnalihudumia Barabara ya Mandela. Hiyo ndo dhahabu uliyoifukia kwenye aya ya tano! Mtu wa ofisi ya jirani anaweza kuvuka barabara akauliza. Ila ukitaka kulitaja kwa jina muombe ruhusa mwenye ghala kwanza, wengine hawapendi, na kama hujaruhusiwa sema tu jirani yenu wa ghala la matairi, pia inaeleweka.

Tukaja kwenye ombi. Umeomba mkutano, afu atembelee ukurasa wenu, afu apige simu, afu "au utume oda." Manne. Mtu aliyepewa milango minne na asiyemjua anafunga imeili anasema nitarudi, harudi. Baki na ombi moja, na liwe swali ambalo anaweza kulijibu kwa mstari mmoja akiwa amesimama. Mkutano wa nusu saa siyo ombi dogo, anatakiwa aangalie kalenda, amuulize bosi, ajiulize wewe ni nani. Lakini ukimuuliza "servisi ya viyoyozi mna fundi wa mkataba au mnaita mtu kikiharibika?" hilo jibu analo kichwani tayari. Na angalia lilivyo zuri kwako, akisema tuna mkataba unauliza unaisha lini, akisema tunaita mtu umeshajua nini cha kuongea naye. Majibu yote mawili yana njia.

Mwisho kiambatanisho. Profaili ya kurasa 14, mega 9. Usiambatanishe chochote kwenye imeili ya kwanza. Faili kutoka kwa mtu usiyemjua watu wameshafundishwa kuliogopa, mitambo ya imeili ya kampuni nyingine inalitilia shaka na kuitupa yote kwenye spamu, na anayetumia bando lake hatashusha mega 9 kumsoma fundi. Pia ondoa ile nembo kubwa na picha kwenye saini, kwa wengi picha hazifunguki zinabaki viboksi vitupu. Saini ni jina, cheo, jina la kampuni, namba ya simu. Viungo vya mitandao ya kijamii vitoe.

Nimejaribu kukuandikia ya kwako jinsi ambavyo mimi ningeituma. Nimedhania umepita kweli pale ukaona, kwa sababu hiyo sentensi ya kwanza lazima iwe kweli, ukiitunga akakuuliza ni upande gani utaumbuka. Kichwa cha imeili nimeweka "Viyoyozi vyenu upande wa Mandela", kifupi ili simu isikikate, na kinasema jambo badala ya "Maombi ya kutoa huduma".

> Habari za kazi dada ___,
>
> Jumanne nilipita hapo kwenu Barabara ya Mandela, nikaona mashine za nje za viyoyozi upande wa barabarani zimeziba vumbi kwenye mapezi. Zikiwa hivyo chumba kinachelewa kupoa na umeme unaliwa zaidi, na joto la Desemba ndilo hilo linakuja.
>
> Tunafanya servisi ya viyoyozi vya ofisi. Ghala la matairi jirani yenu tunawahudumia viyoyozi 11 kila baada ya miezi mitatu, tangu mwaka jana.
>
> Je, hapo kwenu servisi mna fundi wa mkataba, au mnaita fundi kifaa kikiharibika?
>
> Kama siyo wewe unayehusika, naomba unielekeze kwa anayehusika. Na kama hamhitaji, niandikie tu hapana, sitasumbua tena.

Chini yake jina lako na namba. Hiyo inacheza kwenye maneno 90. Isome tena uone hakuna mahali inaposema mmebobea, lakini mtu akiisoma anajua unajua kazi, kwa sababu umetaja mapezi yaliyoziba na nini kinatokea yakiziba. Sentensi moja ya fundi anayeona tatizo inabeba uzito ambao aya nzima ya sifa haiwezi. Na wewe una bahati, kazi yako inaonekana kwa nje, mashine zinaning'inia ukutani barabarani. Ofisi ambazo zipo karibu na bahari utaona kutu ya chumvi badala ya vumbi, utabadilisha hiyo sentensi. Usipoona chochote usilazimishe, andika msimu unaokuja na jirani unayemhudumia, inatosha.

Utaniuliza mbona hiyo mistari ya mwisho sijaikata na mimi ndo mwenye mkasi. "Kama siyo wewe" naiacha kwa sababu mara nyingi kweli siyo yeye, na mtu ni rahisi zaidi kumtaja mwenzake kuliko kuamua yeye. Mstari wa "hapana" ni heshima, na pia Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayompa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo ya biashara, hivyo akisema hapana unamfuta kwenye orodha kweli, siyo unamrudia Januari.

Bei je? Sijaiweka, kwa makusudi, kwa sababu hujui ana viyoyozi vingapi, vya ukubwa gani, viko ghorofa ya ngapi, na ukitaja ya kimoja atazidisha kichwani akakataa kabla hamjaongea. Ungekuwa unauza kitu cha bei moja isiyobadilika, tuseme maji ya dispensa ya lita 18.9, ningekwambia bei iingie, ni namba moja tu na inamuokolea mtu muda wa kuuliza.

Nikwambie na namna ya kukata ambayo siyo, maana naona watu wanaifanya. Mtu anaambiwa ipunguze, anaenda neno kwa neno, anatoa "sana", anatoa "pia", anageuza sentensi mbili kuwa moja yenye mikia mitatu, maneno yanapungua kutoka 400 hadi 310 na imeili imekuwa ngumu kusoma kuliko mwanzo. Kata aya nzima, kata wazo zima. Baada ya hapo zilizobaki ziache zipumue, hata zikiwa na neno la ziada hapa na pale siyo kesi. Imeili ya mawazo manne yenye maneno 110 inasomeka kirahisi kuliko ya mawazo tisa yaliyobanwa kwenye 90.

Ukishazituma fupi, majibu ndo yatakwambia kama umekata vizuri. Wakikujibu "bei gani?" au "mnafika na Kigamboni?" umepatia, hayo ni maswali ya mtu anayewaza kununua. Wakikujibu "nyie ni kina nani?" umekata mno kwenye ushahidi, rudisha yule jirani au weka mteja mwingine. Wakirudia rudia "tutumie profaili" mara nyingi ni kukufukuza kwa adabu, maana yake swali lako halikuwagusa, lakini tuma, ukurasa mmoja siyo 14, na urudie lile swali la fundi wa mkataba humo humo. Na kama ni kimya kabisa kwa wote, hapo usiendelee kukata, urefu siyo tatizo tena. Angalia unatuma wapi. Anwani zinazoanza na info@ nyingi hazina mtu maalumu wa kuzijibu, piga simu risepsheni uliza nani anasimamia majengo na utawala, omba anwani yake. Afu mtumie rafiki yako anayefanya kazi kwenye kampuni yenye imeili yake yenyewe, muulize imeangukia wapi, ikiwa kwenye spamu utajua. Na kama ulikuwa unaweka watu 60 kwenye imeili moja acha, tuma mmoja mmoja, hata ukifanya kumi tu kwa siku.

Kuna wakati mmoja ambapo haya yote hayakuhusu, pale wao ndo wamekuandikia kuomba kotesheni au wametangaza zabuni. Hapo ni wao wamekuomba maelezo, wape kila walichotaja kwa mpangilio walioutaka, usajili, TIN, uzoefu, orodha ya kazi, hata ikifika kurasa kumi. Ukiwapa maneno 90 watakuengua.

Sasa lile faili la pembeni. Zikipita siku nne tano za kazi bila jibu, fungua ile ile uliyotuma, bonyeza kujibu ili ya kwanza ionekane chini, na mwandikie sentensi mbili tu, ukitoa kitu kimoja kutoka kwenye faili. Kwa mfano: "Habari dada, nilisahau kukwambia servisi tunaifanya Jumamosi ili watu wasikatishwe kazi. Mna fundi wa mkataba, au mnaita?" Usiandike "nakumbushia imeili yangu ya awali," hiyo inamdai mtu ambaye hana deni lako. Asipojibu na hiyo mpe wiki mbili, tuma ya tatu yenye kitu kingine kimoja, na hapo umwache apumzike uende ofisi inayofuata. Usajili wa Brela utakuwa bado haujatoka kwenye faili, na ni sawa, siku mhasibu wao akiuulizia utakuwa nao tayari.